Cheti cha Meneja Hakitazima Moto wa Saa Tatu Usiku

Wasee, leo nataka tuongee juu ya ile karatasi imewekwa fremu pale ukutani kwa joint ya chipsi, karibu na picha ya rais na kibali cha kaunti. Ukiingia kuagiza chipsi za mia moja hauioni. Hata mimi nilifanya kazi chini yake miezi minane na sikuwahi kuisoma hadi ile usiku mafuta yalishika moto.

Nilikuwa nimetoka chuo, sina doo, na joint moja ya chipsi ilikuwa inatafuta mtu wa kupakia oda za usiku. Jina la hiyo joint litabaki kwangu. Tulikuwa watu 14, saba mchana na saba usiku. Fraya yetu ilikuwa ya gesi, na ile swichi ya kukata joto ilikuwa imekufa kitambo. Mathe wa jikoni alikuwa anapima joto kwa macho. Akiona mafuta yameanza moshi, anapunguza moto. Hiyo ndiyo ilikuwa mfumo wetu wa usalama: macho ya mathe.

Siku hiyo mathe alikuwa ameitwa kaunta, mteja analalamika kuku haijaiva. Mafuta yakabaki peke yake. Chipsi zinakaangwa kwa joto la karibu nyuzi 180, na mafuta yakianza kutoa moshi mzito ujue yamepita hapo zamani. Yakizidi kupanda hayangoji hata cheche, yanawaka yenyewe. Nilisikia tu sauti kama mtu amekung'uta blanketi, nikageuka, na juu ya fraya kulikuwa na moto urefu wa mkono.

Jamaa wa viazi ndiye alikuwa karibu. Akafanya kitu ambacho karibu kila mtu angefanya: akashika jagi la maji akamwaga.

Kama hujawahi kuona maji yakiingia kwa mafuta yanayowaka, acha nikueleze. Maji ni mazito kuliko mafuta kwa hivyo yanazama. Yakifika chini kwa hilo joto yanageuka mvuke papo hapo, na kikombe kimoja cha maji kinatoa zaidi ya vikombe 1,600 vya mvuke. Huo mvuke lazima utoke, na unatoka na mafuta yote yaliyokuwa juu yake, yamevunjika matone madogo madogo, kila tone linawaka. Moto uligusa dari. Jamaa alirudi nyuma na mkono wa kulia umeungua kutoka vidole hadi karibu na kiwiko.

Mwingine akavuta ule mtungi mwekundu wa poda. Kusema ukweli alijaribu. Alitoa pini, akafinya, moto ukazima. Tukashangilia kabisa. Baada ya sekunde chache ukawaka tena, kwa sababu poda inaua ndimi za moto lakini haipoi mafuta, na mafuta yakiwa bado na lile joto yanajiwasha upya. Akafinya tena, kumbe mtungi umeisha. Mtungi kama ule hautoi poda dakika tano kama kwenye filamu. Ni sekunde kumi na kitu, ishirini ukiwa na bahati.

Mathe ndiye alituokoa. Alifunga gesi kwenye mtungi, akachukua sinia kubwa la kuchanganyia kachumbari, akalishika mbele yake kama ngao na kulisukuma juu ya fraya kutoka upande wake kwenda mbele, akaliacha hapo. Hakulifunua kuchungulia. Moto ukafa kwa kukosa hewa. Nilimuuliza baadaye alijulia wapi, akaniambia, "Kijana wangu, mimi nimepikia harusi na jiko la mafuta ya taa tangu hujazaliwa."

Sasa huyo jamaa wa viazi. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa ofisini, ofisi imefungwa, ufunguo uko na meneja, meneja ako kwake amelala. Mtu akaleta Kolgeti. Mwingine akasema yai. Walikuwa wameshaanza kumpaka wakati boda mmoja aliyekuwa anangoja oda mlangoni aliingia akasema, "Wacheni hiyo, leteni maji ya mfereji." Alimtoa jamaa bangili na saa kabla mkono haujavimba, akamweka mkono chini ya mfereji na akamshikilia hapo dakika ishirini. Tulihesabu kwa simu. Jamaa alitaka kuutoa baada ya tatu, boda akakataa, kwa sababu ngozi ikishaungua joto linabaki ndani likiendelea kupika nyama, na maji ya kawaida yanayotiririka ndiyo yanalitoa. Barafu hapana, inaumiza ngozi zaidi. Kolgeti inafungia joto ndani na daktari atalazimika kuisugua itoke. Halafu boda akaomba ile karatasi ya plastiki nyembamba ya kufunikia saladi, akakata kipande, akakilaza juu ya kidonda bila kuzungusha mkono wote, na tukampeleka hospitali.

Boda alikuwa na cheti cha huduma ya kwanza. Alifunzwa na chama chao cha stejini. Alikuwa mtu wa pekee kwenye hiyo nyumba mwenye mafunzo, na hakuwa hata mfanyakazi wetu.

Kesho yake ndiyo nilisimama mbele ya ukuta nikasoma. Kulikuwa na karatasi tatu zinazohusu hii mambo. Ya kwanza ilikuwa kibali cha moto kutoka kaunti, kimelipiwa, cha mwaka huo. Za pili na tatu zilikuwa vyeti vya mafunzo, kimoja cha huduma ya kwanza na kingine cha usalama wa moto. Majina: meneja na keshia wa mchana. Wote wawili wanatoka saa kumi na mbili jioni.

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya, na mdosi wetu alikuwa mmoja wao. Alituambia, "Lakini si tuko na cheti cha moto? Kanjo walikuja wakakagua." Ni kweli walikuja. Kibali cha kaunti kinahusu jengo na vifaa: mitungi ipo, njia ya kutoka ipo, umelipa. Kinaisha na mwaka. Hakisemi kitu kuhusu mikono ya mtu yeyote. Cheti cha mafunzo ni cha mtu, kina jina la mtu, na mtu akienda nyumbani kinaenda naye hata kama fremu imebaki.

Sheria yenyewe haijasema ukuta ndio ufunzwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mwajiri jukumu la kutoa mafunzo, na inataka sanduku la huduma ya kwanza liwe chini ya mtu anayepatikana saa za kazi. Saa za kazi, wasee. Kama biashara yako inauza chipsi hadi saa nane usiku, saa nane usiku ni saa za kazi. Sanduku lililofungiwa ofisini na ufunguo kwa mtu aliyelala si sanduku, ni fanicha.

Kwa hivyo swali la kwanza la hivi vyeti si "tuko navyo vingapi?" Swali ni nani yuko hapa sasa. Wacha tufanye hesabu ya ile joint yetu, kwa sababu nilikaa nikaifanya nyuma ya risiti.

Sema mdosi anaamua kufunza mtu mmoja wa usiku. Inasikika poa. Lakini kila mtu ana ofu moja kwa wiki, hizo ni usiku 52 kwa mwaka. Ongeza likizo, ambayo kisheria si chini ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Tayari ni usiku 73 hakuna mtu mwenye mafunzo, yaani mmoja kati ya kila tano, na hapo sijahesabu akiugua. Halafu kuna kitu kingine hakuna mtu hufikiria: mkono ukiungua ukiwa wake je? Ukifunza jamaa wa viazi peke yake, ile usiku ungekuwa na mtu mmoja mwenye cheti na ndiye analia chini ya mfereji.

Funza wawili, uwape ofu siku tofauti. Sasa uko karibu sawa, lakini mmoja akienda likizo, mwenzake bado ana ofu yake, na hiyo inakuacha na usiku tatu au nne tupu kila likizo. Funza watatu, na uhakikishe hawaendi likizo pamoja. Hapo ndipo kila usiku una angalau mmoja, na usiku mwingi una wawili au zaidi. Watatu usiku, watatu mchana, sita kati ya 14. Mdosi alipoona hiyo namba aliniangalia kama nimemwomba gari. Lakini hiyo ni hesabu tu ya ofu na likizo, sikuongeza chumvi.

Na hao watatu wawe nani? Maoni yangu, na najua kuna watu watapinga: meneja awe wa mwisho kwenye foleni. Cheti kiende kwa mtu aliye karibu na hatari na asiyehama hama. Jikoni ni mpishi kwanza. Halafu mtu wa kaunta, kwa sababu yeye ndiye anaona wateja na ndiye ataelekeza watu watoke. Wa tatu ni askari wa mlangoni, kama yuko, kwa sababu ndiye hana ofisi ya kukimbilia na ndiye anashika ufunguo wa lango. Kumbuka Nakumatt Downtown, Januari 2009, pale katikati ya Nairobi. Zaidi ya watu ishirini walikufa, na moja ya maswali yaliyoulizwa sana baadaye ilikuwa kuhusu milango. Mtu mwenye ufunguo ambaye hajafunzwa anaweza kudhani kazi yake ni kuzuia wezi. Aliyefunzwa anajua ikilia kengele kazi yake ni kufungua tu.

Sasa tuje kwa tarehe. Kile cheti cha keshia kilikuwa kimepita miezi saba. Cha meneja kilikuwa bado kiko sawa, na mdosi alikuwa anajivunia hicho. Mimi nasema hizo tarehe zinatudanganya sisi wote, lakini si vile unadhani.

Kila anayetoa mafunzo ana muda wake. Kadi ya shirika la moyo la Amerika, ile ya AHA ambayo wauguzi wengi hapa wanaijua, inakaa miaka miwili. Uingereza cheti cha huduma ya kwanza kazini kinakaa miaka mitatu, lakini wasimamizi wao wanashauri sana watu warudie kidogo kila mwaka katikati. Upande wa moto hapa Kenya, kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zinataka zoezi la kutoka jengoni angalau mara moja kila miezi 12, na ukaguzi wa usalama wa moto pia kila miezi 12. Kwa hivyo cheti chako, soma tarehe iliyoandikwa juu yake, na angalia pia kama aliyekufunza ameidhinishwa na DOSHS, ile kurugenzi ya usalama na afya kazini. Karatasi ya kununua kwa Watsapu bila kugusa hata bandeji haina tarehe ya kuisha kwa sababu haikuwahi kuanza.

Lakini hata cheti halali kabisa, mikono inasahau kabla ya karatasi. Kwa kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba ujuzi unaanza kushuka ndani ya miezi mitatu hadi sita. Si kwamba unasahau kwamba unafaa kusukuma. Unasahau kiasi. Mtu mzima anahitaji sentimita tano hadi sita kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na uache kifua kipande kabisa kabla ya kusukuma tena. Mtu aliyefunzwa mwaka jana anasukuma kama anabonyeza unga wa chapati akiogopa kuupasua. Na baada ya dakika mbili amechoka, bila kujua amechoka, na kina kinapungua. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutaka wawili.

Moto ni vilevile. Meneja wetu aliniambia kwenye mafunzo walizima moto wa mafuta kwenye pipa, uwanjani, mchana, mwalimu akisimama nyuma. Nikamuuliza mtungi wetu wa jikoni ni wa aina gani. Akasema mwekundu. Mazee, karibu yote ni mekundu. Fraya inahitaji ule wa kemikali ya maji, wenye alama ya F, au K kwa mitungi ya Kiamerika, kwa sababu ule unatengeneza kama povu la sabuni juu ya mafuta na kuyapoza. Sisi tulikuwa na poda na ule wa kaboni dayoksaidi. Blanketi la moto lilikuwepo, ndani ya ule mfuko wake, nyuma ya friji. Yaani ungepita kwa moto ndiyo ulifikie.

Mafunzo ya kurudia ninayoyaamini ni madogo na yanafanyika hapo hapo kazini. Robo saa, mara moja kwa mwezi, kabla ya kufungua. Mwezi huu kila mtu wa zamu afunge gesi kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu utashangaa wangapi hawajui inazunguka upande gani. Mwezi ujao kila mtu achomoe blanketi na kufunika fraya iliyo baridi, mikono imejificha nyuma ya kitambaa, kutoka upande wake kwenda mbele. Mwezi mwingine mto wa kulalia uwekwe sakafuni, mtu asukume dakika mbili, mwenzake achukue. Wakiwa hapo waangalie mshale wa mtungi wa poda kama uko kwenye kijani. Ule wa kaboni dayoksaidi hauna mshale, unajulikana kwa kupimwa uzito, hiyo ni kazi ya fundi akija kuhudumia. Robo saa kama hizi hazibadilishi kurudi kwa mwalimu cheti kikiisha. Zinafanya ukirudi usianze kutoka sifuri.

Na kuna mpaka lazima usemwe kwenye kila mafunzo, kwa sababu cheti kinaweza pia kukupa kiburi. Mtu aliyefunzwa kazini anazima moto mdogo, ukubwa wa pipa la taka, akiwa na mlango nyuma ya mgongo wake. Moshi ukianza kujaza dari, ama mtungi mmoja umeisha na bado unawaka, kazi yake imebadilika. Sasa ni kutoa watu, kufunga mlango nyuma yao, kupiga 999 au 112, na kuhesabu vichwa pale nje. Sisi ile usiku tulihesabu vibaya. Tulisema saba, tukatulia, kumbe tumemhesabu boda, na dada wa kuosha vyombo alikuwa bado chooni.

Kuna wale watasema, "Lakini wafanyakazi wa chipsi wanahama kila miezi mitatu, kwani nitafunza watu waende kwa mshindani?" Hiyo ndiyo hoja ya mdosi na nakubali ina uzito. Duka dogo linalipa mafunzo, mtu anaondoka Ijumaa na cheti mfukoni. Jibu langu ni kwamba inafanya kazi pande zote mbili. Mtu unayemwajiri kutoka joint nyingine anakuja na chake, kama huko walimpa. Shida ni kwamba wengi hawapewi. Cheti kina jina lako, umekaa darasani wewe, halafu kinabaki kwenye faili ya ofisi kama dhamana ya mkopo. Kama umefunzwa, omba nakala yako siku hiyo hiyo. Piga picha mbele na nyuma. Na mdosi, ukiajiri, uliza kabla hujatuma mtu mwingine: kuna mtu hapa tayari ana cheti ambacho hakijaisha? Kwa zamu yetu hakuna aliyewahi kuulizwa.

Baada ya ule moto mdosi alifanya kitu. Alimpeleka meneja kurudia mafunzo. Meneja yule yule, wa mchana. Alirudi na karatasi mpya inang'aa, ikaingia kwenye fremu ile ile.

Niliacha kazi hapo baada ya wiki sita. Jamaa wa viazi alirudi, mkono umepona lakini vidole viwili havikunji vizuri, sasa anapakia oda mahali pangu. Juzi nilipita kununua chipsi. Swichi ya fraya imebadilishwa, blanketi limetundikwa karibu na mlango wa jikoni, na mathe ameandika kwa kalamu nyeusi kwenye kadibodi, siku saba za wiki, na chini ya kila usiku jina la mtu anayeshika ufunguo wa sanduku. Jina la mathe liko kwenye usiku sita. Bado hajapelekwa kwa mafunzo. Nilimuuliza na Jumapili, siku yake ya ofu, nani anashika. Akaniambia, "Jumapili tunaomba Mungu," akaendelea kugeuza kuku.